Hisa ya Mumias Ilipoonekana Rahisi

Mwishoni mwa 2012, hisa moja ya Kampuni ya Sukari ya Mumias ilikuwa ikiuzwa kwa shilingi tano na kitu katika Soko la Hisa la Nairobi. Tufanye ni shilingi 5.50. Mtu mwenye shilingi 55,000, ukiacha ada ya dalali, angejipatia hisa 10,000 za kiwanda kilichokuwa kikubwa kuliko vyote vya sukari nchini Kenya. Kampuni ilikuwa imetangaza faida ya takribani shilingi bilioni 2 kwa mwaka ulioishia Juni 2012. Ilikuwa na mtambo wa kuzalisha umeme kwa makapi ya miwa, na mwaka huohuo ilikuwa imezindua mtambo wa ethanoli. Serikali yenyewe ilikuwa mwenye hisa. Ni nani angeikataa?

Mwaka uliofuata Mumias ilitangaza hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 1.6. Mwaka 2014 hasara ikafika kama bilioni 2.7, na mwaka 2018 ikafika kama bilioni 15. Septemba 2019 Benki ya KCB, iliyokuwa ikiidai, iliiweka chini ya msimamizi ili ikomboe fedha zake, na biashara ya hisa za kampuni hiyo ikasimamishwa sokoni. Kufikia hapo bei ilikuwa chini ya senti 50. Zile hisa 10,000 zilikuwa hazifiki shilingi 5,000, na hata kwa bei hiyo mwenyewe hakuweza kuziuza.

Nimeichagua Mumias kwa sababu hasara yake haikuwapata wazembe peke yao. Iliwapata pia watu waliopiga hesabu. Walichukua kipimo kimoja maarufu, wakakisoma sawasawa, kisha wakaishia hapo.

Kipimo chenyewe ni uwiano wa bei kwa faida, ambao kwenye jedwali la soko huandikwa P/E. Kuupata si kazi. Mumias ilikuwa na hisa zipatazo bilioni 1.53. Ukigawa faida ya bilioni 2 kwa idadi hiyo, unapata shilingi 1.30 hivi kwa kila hisa. Sasa chukua bei ya hisa, shilingi 5.50, uigawe kwa 1.30. Jibu ni 4.2. Maana yake ni kwamba kwa kila shilingi moja ya faida ya mwaka, mnunuzi alitakiwa kulipa shilingi nne na senti 20. Kwa maneno mengine, faida ikibaki vilevile kila mwaka, kampuni ingekuwa imezalisha kiasi sawa na bei ya hisa yako katika miaka minne na miezi michache. Si lazima fedha hizo zikufikie mkononi, kwa kuwa kampuni hugawa sehemu tu na kubakiza nyingine. Lakini ni zako kwa haki ya umiliki.

Nne ni namba ndogo. Biashara imara kwa kawaida huuzwa kwa mara kumi, kumi na tano au zaidi ya faida yake. Kwa hiyo anayeona nne hudhani amegundua kitu ambacho wengine hawajakiona. Hapo ndipo pa kusimama. Ng'ombe wa maziwa akiletwa mnadani kwa nusu ya bei, mfugaji hatoi pesa mbio. Humshika kiwele, humtazama miguu, na humuuliza muuzaji amezaa mara ngapi. Sokoni pia kuna watu wanaoijua kampuni kuliko wewe: wakulima wanaoiuzia miwa, wafanyakazi wake, mabenki yaliyoikopesha. Hisa ikiuzwa kwa mara nne ya faida, wengi wao wanakuambia kwamba faida hiyo hawaiamini. Huenda wamekosea, na wakati mwingine hukosea kweli. Lakini jukumu la kujua wana hofu gani ni lako.

Tazama tena namna hesabu ilivyofanywa. Bei ni ya leo, ila faida ni ya mwaka uliokwisha. Tumegawa kitu cha leo kwa kitu cha jana. Ikiwa faida ya kesho haitafanana na ya jana, ile nne haina maana yoyote. Kwa hiyo kazi kubwa ya msomaji wa hesabu za kampuni ni kujua kama faida ile itajirudia, na kwa hilo hakuna njia ya mkato zaidi ya kufungua ripoti ya mwaka.

Watu wengi huifungua na kukimbilia mstari wa mwisho, ule wa faida baada ya kodi. Mimi nashauri uanze katikati. Hesabu ya faida na hasara hushuka kama ngazi: juu kabisa kuna mauzo, zinafuata gharama za kuzalisha na kuendesha, na zikishatolewa hubaki faida ya uendeshaji. Chini yake inatolewa riba ya mikopo, kisha kodi, ndipo unafika mwisho. Faida ya uendeshaji ndiyo inayokuambia kazi yenyewe ya kampuni inalipa au hailipi. Ukifika chini zaidi, vitu vingi vimeshachanganyika: kiwanja kilichouzwa, jengo lililothaminiwa upya, nafuu ya kodi kwa sababu ya mitambo mipya. Vyote hivyo ni halali na vimeandikwa wazi, lakini kiwanja huuzwa mara moja. Kama faida imepanda huku faida ya uendeshaji imeshuka, mwaka huo haukuwa mzuri hata kama gazeti limeandika kwamba faida imeongezeka.

Kampuni za kilimo zina jambo lao la ziada. Kanuni za kimataifa za uhasibu ziliwataka wathamini mazao yaliyo bado shambani na kuingiza mabadiliko ya thamani hiyo kwenye hesabu ya faida. Miwa ambayo haijakatwa, ikithaminiwa zaidi kuliko mwaka jana, huongeza faida kwenye karatasi. Mwaka unaofuata bei ya sukari ikianguka, faida hiyo hugeuka hasara bila mtu kushika panga. Ndiyo maana kwa kampuni za miwa, chai au kahawa napenda kufungua ukurasa wa mtiririko wa fedha kabla ya kufikiria bei. Ukurasa huo unaonyesha fedha taslimu zilizoingia na kutoka. Tafuta mstari wa fedha zilizotokana na shughuli za kawaida, uulinganishe na faida ya uendeshaji kwa miaka mitatu au minne mfululizo. Mwaka mmoja ukipishana si ajabu. Miaka mitatu kampuni ikitangaza faida huku fedha haziingii, faida hiyo imekwama mahali: kwa wateja wasiolipa, kwenye ghala lisilouza, au kwenye makadirio.

Sasa tuje kwenye deni. Hapa ndipo kisa cha Mumias kina mafunzo mengi zaidi.

Mtambo wa umeme na ule wa ethanoli ilijengwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za kukopa. Wazo lenyewe halikuwa baya. Sukari ina bei inayoyumba, basi kwa nini makapi yasichomwe yatoe umeme, na molasi isichachushwe itoe ethanoli? Kampuni ingepata mapato matatu kutoka kwenye muwa mmoja. Ila hapohapo ndipo ulipokuwa udhaifu. Mapato yote matatu yalitegemea muwa uleule. Miwa ikikosekana, sukari haipo, makapi hayapo, molasi haipo. Riba ya mkopo peke yake ndiyo haikutegemea muwa, ilikuwa ikidaiwa kiwanda kikisaga au kikilala.

Na miwa ilikosekana. Mumias ilitegemea wakulima wadogo wa magharibi mwa Kenya, na viwanda vingine vya jirani vilikuwa vikiwania miwa hiyohiyo. Kampuni ilipochelewa kuwalipa wakulima, baadhi waliuza miwa kwingine na wengine waling'oa na kupanda mahindi. Kiwanda kikasaga kidogo, kikapata fedha kidogo, kikachelewa kulipa zaidi. Mduara huo haukuanza siku hasara ilipotangazwa. Kabla ya hapo ulikuwa ukijiandika mahali ambapo wasomaji wengi hawapatazami.

Mahali hapo ni kwenye mizania, upande wa madeni, kwenye mstari wa wadai wa biashara. Tukisikia neno deni tunafikiria benki, lakini mkulima ambaye miwa yake imebebwa na hajalipwa ameikopesha kampuni bila riba na bila kuulizwa. Mstari huu ukikua kwa kasi kuliko mauzo, mwaka baada ya mwaka, kampuni inaishi kwa fedha za wanaoiuzia malighafi. Ulinganishe pia na mali za muda mfupi, yaani fedha taslimu, bidhaa ghalani na fedha ambazo wateja wanadaiwa. Kama madeni yanayotakiwa kulipwa ndani ya miezi 12 ni makubwa kuliko mali hizo, uliza watayalipa kwa nini. Jibu mara nyingi ni mkopo mwingine.

Kuhusu mkopo wa benki, hesabu ninayoiamini kuliko zote ni hii: faida ya uendeshaji inaweza kulipa riba mara ngapi? Tuseme kampuni ina faida ya uendeshaji ya shilingi milioni 900 na riba ya milioni 300 kwa mwaka. Riba imefunikwa mara tatu, na kuna nafasi ya kupumua. Sasa mauzo yapungue kidogo, faida ya uendeshaji ishuke kwa theluthi moja hadi milioni 600. Wakati huohuo benki ipandishe riba na gharama ifike milioni 500. Kinachobaki kabla ya kodi ni milioni 100. Mwanzo kilikuwa milioni 600. Biashara yenyewe imeshuka kwa theluthi moja tu, ila mwenye hisa amepoteza sehemu tano kati ya sita za faida yake. Hiyo ndiyo kazi ya deni. Likikuta mwaka mzuri huongeza faida ya mwenye hisa, na likikuta mwaka mbaya humla yeye kwanza, kwa kuwa benki hulipwa kabla yake.

Mfano huo wa riba kupanda ghafla si wa kutisha watoto. Mwanzoni mwa 2011 riba elekezi ya Benki Kuu ya Kenya ilikuwa asilimia 5.75. Desemba mwaka huohuo ilikuwa asilimia 18. Kampuni yenye mikopo ambayo riba yake hubadilika na soko ililazimika kulipa zaidi kwa deni lilelile, bila kukopa hata shilingi moja mpya. Ndiyo sababu kwenye maelezo yaliyoambatishwa na hesabu, yale yenye herufi ndogo nyuma ya ripoti, natafuta ukurasa wa mikopo. Pale kampuni hutaja nani aliyekopesha, kwa riba gani, mkopo unaisha lini, umewekewa dhamana gani, na ni wa fedha ipi.

Hilo la fedha ipi liliigharimu Kenya Airways sana. Mwaka 2023 shirika hilo lilipata faida ya uendeshaji ya zaidi ya shilingi bilioni 10, yaani kurusha ndege kulikuwa kumeanza kulipa. Mwisho wa ngazi, hata hivyo, palikuwa na hasara ya zaidi ya bilioni 22. Madeni yake mengi yalikuwa ya dola, na mwaka huo shilingi ya Kenya ilianguka vibaya. Deni la dola likihesabiwa kwa shilingi dhaifu hunenepa lenyewe. Aliyeishia kwenye mauzo na abiria alifurahi mapema, na aliyesoma ukurasa wa mikopo hakushangaa.

Tahadhari moja kabla hatujaendelea, kwa sababu masoko ya Nairobi na Dar es Salaam yamejaa hisa za mabenki. Kipimo hiki cha deni hakifai kwa benki. Fedha za wateja walioweka akiba huhesabiwa kuwa deni lake, na kwa benki hiyo ndiyo malighafi. Kwa NMB, CRDB, KCB au Equity, tazama badala yake mikopo chechefu, ile ambayo wakopaji wameacha kuilipa, ni asilimia ngapi ya mikopo yote na inaelekea wapi. Benki Kuu ya Tanzania huyataka mabenki yaishikilie chini ya asilimia 5. Hesabu hizi hutolewa kila robo mwaka, hivyo mwenendo wake unafuatika.

Turudi kwenye uwiano wa bei kwa faida, maana sasa tunaweza kuusoma kwa haki. Baada ya 2013 uwiano wa Mumias ulitoweka. Kampuni yenye hasara haina faida ya kugawia bei, na jedwali la soko huweka kistari tu. Bei ikawa inashuka, shilingi tatu, mbili, moja, na kila ilipofika kituo kipya walikuwapo wanunuzi walioona imekuwa rahisi zaidi. Kipimo walichokitumia kilikuwa bei ya zamani. Lakini hisa haijui iliwahi kuuzwa shilingi ngapi. Inachokijua ni faida iliyo mbele na madeni yaliyo juu yake.

Upande wa pili uko kwa Safaricom, na ninauleta kwa sababu kuna wanaosikia kisa cha Mumias wakaapa kukimbia kila hisa ya bei ndogo. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza kwa umma hisa bilioni 10 za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja. Kampuni ilikuwa na hisa bilioni 40 kwa jumla na ilikuwa imepata faida ya takribani bilioni 13.8, yaani kama senti 35 kwa hisa. Uwiano ulikuwa 14 na kitu, zaidi ya mara tatu ya ule wa Mumias ya 2012. Mwaka 2009 bei ilianguka chini ya shilingi 3 na watu wengi wakauza kwa hasara, wakisema wamedanganywa. Kwa mwaka ulioishia Machi 2018 faida ilikuwa bilioni 55, na idadi ya hisa ilikuwa karibu ileile. Senti 35 zilikuwa zimekuwa shilingi 1.38. Ile kumi na nne ilikuwa rahisi kuliko ile nne.

Hisa hiyohiyo ikaja kufundisha kinyume chake. Mwaka 2021 bei ilipita shilingi 40. Faida ya mwaka ulioishia Machi 2021 ilikuwa bilioni 68.7, sawa na shilingi 1.71 kwa hisa, hivyo mnunuzi alikuwa akilipa zaidi ya mara 23. Bei ya namna hiyo inahitaji faida iendelee kukua haraka. Mwaka huohuo kampuni na washirika wake walilipa dola milioni 850 kwa leseni ya Ethiopia, soko lililohitaji minara, mikopo na miaka ya hasara kabla ya kulipa. Faida ya jumla ikashuka, riba ikapanda, na kufikia mwisho wa 2023 hisa ilikuwa chini ya shilingi 15. Safaricom haikuwa kampuni mbovu wakati wowote katika habari hii. Kilichokuwa kibovu ni bei ambayo watu walikubali kuilipa.

Kwa hiyo ninapoulizwa uwiano mzuri ni upi, sitaji namba. Linganisha uwiano wa kampuni na ule wake mwenyewe wa miaka mitano iliyopita, na wa kampuni za kazi ileile. Saruji kwa saruji, benki kwa benki. Ukiona umeshuka mbali chini ya wenzake, rudi kwenye faida ya uendeshaji na ukurasa wa mikopo utafute sababu. Ukiipata sababu na ukaona ni ya kupita, kama ukame wa msimu mmoja katika kampuni isiyo na deni kubwa, huenda umepata hisa rahisi kweli. Usipoipata, usichukulie kwamba haipo.

Kuna dalili mbili ambazo hazihitaji hesabu yoyote. Nchini Kenya kampuni iliyoorodheshwa sokoni hutakiwa kutoa onyo kwa umma ikiona faida yake ya mwaka itapungua kwa asilimia 25 au zaidi. Onyo hilo huchapishwa magazetini kabla hesabu zenyewe hazijatoka, na mara nyingi uwiano unaousoma kwenye jedwali siku hiyo bado unatumia faida ya zamani. Dalili ya pili iko kwenye barua ya mkaguzi wa hesabu, mwanzoni mwa kurasa za hesabu. Akiandika kwamba kuna mashaka makubwa kuhusu uwezo wa kampuni kuendelea na biashara, anasema kwa lugha ya taaluma yake kwamba wadai wanaweza kuifunga. Hapo funga ripoti, hata kama hisa ni senti 20.

Ripoti za mwaka ziko wazi kwenye tovuti za kampuni na za masoko ya hisa, bila malipo. Ukiwa na muda wa jioni moja tu, anza na barua ya mkaguzi, nenda kwenye ukurasa wa mikopo, kisha mtiririko wa fedha, kisha faida ya uendeshaji ya miaka mitatu. Bei iache iwe ya mwisho. Na kama ripoti ya mwaka imepita muda wake na haijatolewa, usimpigie dalali mpaka itoke.